Mikanda Mitatu ya Nikeli

Chumvi ya nikeli ikiyeyushwa majini hutoa rangi ya kijani. Kila ioni ya Ni²⁺ huzungukwa na molekuli sita za maji, ambazo huzigawa obiti zake za d katika makundi mawili: la chini na la juu. Mwanya wa nishati kati ya makundi hayo huitwa Δ, na ndio anaoutafuta mwanakemia anapopima mwanga uliofyonzwa.

Mwaka 1954 Wajapani Yukito Tanabe na Satoru Sugano walichapisha michoro inayorahisisha kazi hiyo. Mhimili wa mlalo huonyesha Δ/B na wa wima E/B, ambapo E ni nishati na B ni kipimo cha namna elektroni zinavyosukumana. Kwa ioni yenye elektroni nane za d, kama nikeli, mistari mitatu hupanda kutoka hali ya chini bila spini kubadilika. Hivyo hutarajiwa mikanda mitatu.

Nayo huonekana kwenye 8,500, 13,800 na 25,300 cm⁻¹. Karibu na 15,000 hujitokeza pia kinundu hafifu. Hicho hutokana na spini kugeuka, kwa hiyo hakihesabiwi. Katika d⁸, mkanda wa kwanza ni Δ yenyewe: 8,500 cm⁻¹. B hupatikana kwa kujumlisha mikanda miwili ya juu, kisha kutoa Δ mara tatu: 39,100 − 25,500 = 13,600. Hiyo ni 15B, hivyo B ni takriban 907 cm⁻¹.

Mtego upo kwenye kifaa. Mkanda wa 8,500 uko karibu na nanomita 1,180, ilhali vipimamwanga vingi vya maabara huishia nanomita 1,100 au chini yake. Asiyeuona atadhani 13,800 ndiyo Δ.

Kosa hilo hugundulika kwa kugawanya. Kwa d⁸, mkanda wa pili hauwezi kuzidi wa kwanza kwa zaidi ya mara 1.8. Hapa 25,300 ikigawanywa kwa 13,800 hutoa 1.83, ishara kwamba kuna mkanda ulioachwa nyuma. Mgawanyo sahihi, 13,800 kwa 8,500, ni 1.62.

Vanadi, V³⁺, ina elektroni mbili tu za d, na njia ya mkato ya nikeli haiifai. Ikiwa majini huonyesha mikanda karibu na 17,800 na 25,700 cm⁻¹. Wa tatu hufunikwa na ufyonzaji mwingine mkali zaidi. Hali ya chini ya d² husukumwa na hali nyingine ya aina yake iliyo juu, kwa hiyo mkanda wa kwanza si Δ. Msomaji hutafuta kwenye mchoro mahali ambapo uwiano wa mikanda hiyo miwili ni 1.44. Hupatikana Δ/B ikiwa karibu 31, B takriban 613 na Δ takriban 19,100 cm⁻¹. Angeuchukua mkanda wa kwanza kuwa Δ, angepungukiwa na 1,300 hivi.