Hisa za Bosi na Tarehe Iliyorudishwa Nyuma

Karatasi za kampuni ya bima ya afya ya UnitedHealth, ya Marekani, zilionyesha kwamba tarehe 13 Oktoba 1999 mtendaji mkuu wake, William McGuire, alipewa haki ya kununua hisa za kampuni hiyo kwa bei ya siku ile. Mwaka mzima wa 1999 haukuwa na siku nyingine ambayo hisa hizo zilishuka kiasi hicho. Mgawo wake wa 1997 nao ulikuwa umeandikwa kwenye siku ya bei ya chini kabisa ya mwaka, na ule wa 2000 vivyo hivyo. Mtu angeweza kusema ana bahati, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyeuliza zaidi.

Kwanza tuone haki hiyo inafanyaje kazi, kwa sababu ndiyo inayowatajirisha watendaji wengi wa kampuni kubwa kuliko mshahara. Bodi humwambia mtendaji: tunakupa ruhusa ya kununua hisa milioni moja kwa dola 30 kila moja, bei ya sokoni leo, na unaweza kuitumia ruhusa hiyo wakati wowote ndani ya miaka kumi. Kwa kawaida haruhusiwi kuigusa mara moja. Sehemu yake hufunguliwa kila mwaka, ili asichukue na kuondoka. Bei ikipanda hadi dola 50, atanunua kwa 30, atauza kwa 50, na mfukoni zitabaki dola milioni 20. Bei isipopanda, ruhusa inakufa bila thamani.

Hoja ya wanaoutetea mpango huu ina uzito. Mwenye hisa 200 hawezi kukaa ofisini kumchunga meneja. Meneja anayelipwa mshahara tu anaweza kujijengea ofisi ya kifahari au kununua kampuni nyingine kwa ajili ya ukubwa wa jina lake, na mshahara usipungue hata senti. Ukimfungia malipo kwenye bei ya hisa, anapata pale tu mwenye hisa anapopata.

Lakini tazama upande wa pili. Bei ikianguka kutoka 30 hadi 10, mwenye hisa amepoteza theluthi mbili ya akiba yake, na mtendaji hajapoteza chochote alichokilipia. Anashiriki faida, hashiriki hasara. Mtu aliye katika hali hiyo huvutwa kucheza kamari na mali ya wengine, hasa pale ruhusa yake inapokuwa karibu kufa. Gawio nalo linaingia hapa: kampuni ikilipa gawio, thamani ya hisa hupungua kwa kiasi hicho, na bei aliyofungiwa mtendaji kwa kawaida hairekebishwi. Ndiyo maana mtendaji wa aina hii ana sababu yake binafsi ya kupenda kampuni itumie fedha zake kununua tena hisa zake yenyewe, badala ya kuwalipa gawio wenye kampuni.

Kila kitu basi kinategemea ile bei ya siku ya mgawo. Chukua tena hisa zetu milioni moja. Bodi inakutana siku ambayo bei ni 30, lakini mwezi mmoja nyuma bei ilikuwa 20. Mtu akiandika kwenye karatasi kwamba mgawo ulitolewa mwezi uliopita, mtendaji ameanza na dola milioni 10 kabla hajafanya kazi hata siku moja. Fedha hizo zinatoka kwa wanahisa, kwa sababu siku atakayonunua, kampuni itapokea milioni 20 badala ya 30.

Kumpa mtu hisa kwa bei iliyo chini ya soko si kosa lenyewe, ilimradi kampuni iseme wazi na kuihesabu. Tatizo ni kwamba kusema wazi kulikuwa na gharama. Sheria ya kodi ya Marekani ya 1993 iliizuia kampuni kuondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi malipo ya mtendaji yanayozidi dola milioni moja, isipokuwa yawe yametokana na utendaji, na haki ya hisa iliyotolewa kwa bei ya soko ilihesabiwa kuwa ya utendaji. Kanuni za uhasibu za wakati huo nazo ziliruhusu haki ya namna hiyo isiandikwe kama gharama. Bei ya chini ya soko ingefuta nafuu zote mbili. Waliotaka punguzo na nafuu kwa pamoja walibaki na njia moja: kudanganya tarehe.

Aliyeufichua mtindo huu kwa takwimu ni Erik Lie, profesa wa fedha katika Chuo Kikuu cha Iowa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005. Ilishajulikana kwamba bei za hisa hupanda baada ya watendaji kupewa migawo, na wengi walidhani kwamba mabosi hupokea migawo yao muda mfupi kabla ya kutangaza habari njema. Lie akaona jambo ambalo maelezo hayo hayalitoshelezi. Kabla ya tarehe za migawo si hisa za kampuni husika tu zilizokuwa zikishuka. Hata mwenendo wa soko zima ulielekea kuwafaa watendaji, ukishuka kabla na kupanda baadaye. Mkurugenzi anaweza kujua siri za kampuni yake, lakini hawezi kujua soko lote la Marekani litageuka lini. Njia pekee ya kuipata siku hiyo tena na tena ni kuichagua ukiwa umeshaiona.

Machi 2006 gazeti la Wall Street Journal lilichapisha majina na tarehe, McGuire akiwemo. Aliondoka kazini mwaka huohuo. UnitedHealth ililazimika kurekebisha hesabu za miaka 1994 hadi 2005, na faida iliyokuwa imetangazwa ikapungua kwa takriban dola bilioni 1.5. Desemba 2007 McGuire alikubali suluhu yenye thamani ya dola milioni 468, sehemu kubwa ikiwa ni kurudisha alichopata, na akafungiwa miaka kumi kuwa ofisa au mkurugenzi wa kampuni ya umma. Hakuwa peke yake. Lie na mwenzake Randall Heron walikadiria kwamba kati ya 1996 na 2005, karibu mgawo mmoja kati ya mitano isiyofuata ratiba maalumu, iliyotolewa kwa watendaji wakuu kwa bei ya soko, ulikuwa umechezewa tarehe.

Kilichoubana mchezo huu ni kanuni ndogo. Kabla ya Agosti 2002, mtendaji wa Marekani aliweza kusubiri hadi siku 45 baada ya mwaka wa fedha kuisha ndipo atangaze mgawo wake. Baada ya hapo alipewa siku mbili za kazi. Kwa waliotangaza kwa wakati, ule mpando wa ajabu wa bei baada ya mgawo ulitoweka karibu wote. Ulibaki kwa waliochelewa.

Kwa mwenye hisa anayesoma ripoti ya mwaka, iwe ya New York au Nairobi, ambako sheria ya makampuni ya Kenya ya 2015 inaitaka kampuni iliyoorodheshwa sokoni itoe ripoti ya malipo ya wakurugenzi, mambo ya kutafuta yanajulikana. Je, migawo hutolewa siku ileile kila mwaka, au siku anayoipenda mtu? Je, mtendaji anapata kwa sababu kampuni imewashinda washindani wake, au kwa sababu soko lote limepanda? Je, baada ya kununua anatakiwa ashike hisa hizo kwa miaka, ili hasara nayo imguse?

Bonasi isomwe hivyohivyo. Meneja anayelipwa bonasi kuanzia faida ya bilioni 5 na kufikia kikomo kwenye bilioni 8 hana haja ya kuongeza kitu akishafika 8. Mauzo ya Desemba yatasogezwa hadi Januari. Akiwa kwenye 3 na hana matumaini ya kufika 5, ataziandika hasara zote mwaka huu ili mwakani uwe mwepesi. Mwanahisa ataona faida inayokaa juu kidogo tu ya kiwango cha chini mwaka baada ya mwaka, kisha ghafla mwaka mmoja mbaya kupita kiasi. Hapo ndipo pa kusimama kwenye mkutano mkuu na kuiuliza kamati ya malipo ni nani aliyeweka viwango hivyo, na lini.