Namna ya Kumpa Alama Mwombaji wa Uanagenzi Asiye na Historia ya Ajira

Karakana nyingi za injini za boti kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Kirumba hadi Igombe na Kayenze, hupokea vijana wanaotaka kujifunza ufundi. Wengi wao huleta wasifu wa ukurasa mmoja ambao sehemu ya uzoefu wa kazi ina neno moja tu: "Sina". Mwenye karakana akiishia kwenye neno hilo, hubaki na vigezo viwili, yaani divisheni ya kidato cha nne na kujuana. Hakuna kati ya hivyo kinachoeleza iwapo kijana ataweza kuifungua injini na kuirudisha ilivyokuwa.

Utafiti wa uteuzi wa wafanyakazi unaunga mkono shaka hiyo. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85. Walibaini kuwa idadi ya miaka ya masomo husema machache sana kuhusu utendaji wa mtu kazini, na kwamba kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe afanye husema mengi. Kwa hiyo wasifu wa kijana asiyewahi kuajiriwa usomwe kwa lengo dogo: kuamua nani aitwe kwenye jaribio la vitendo.

Dalili tatu zinatosha. Ya kwanza ni kudumu, yaani kushikilia jambo moja kwa muda mrefu bila kulazimishwa. Ya pili ni kuaminiwa, yaani kukabidhiwa fedha, ufunguo au mali ya watu wengine. Ya tatu ni kujifunza kwa mikono: kutengeneza, kufungua, kushona, kurekebisha. Kila dalili hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Sifuri ni pale ambapo hakuna kilichoandikwa. Alama 1 ni kwa dai tupu, mfano "mimi ni mchapakazi". Alama 2 ni kwa tendo lenye mahali na wakati. Alama 3 ni kwa tendo la namna hiyo lililoelezwa pamoja na matokeo yake na mtu anayeweza kulithibitisha. Kwa kuwa kazi hii ni ya mikono, alama ya dalili ya tatu huzidishwa kwa 2, hivyo jumla ya juu kabisa ni 12.

Tuchukue mfano wa kubuni wa waombaji wawili. Wa kwanza ni binti mwenye divisheni ya pili, na wasifu wake umechapwa vizuri ukiwa na picha ya rangi. Ameandika kuwa ni mbunifu, mwaminifu na anayejituma, na kwamba alikuwa katibu wa klabu ya mazingira shuleni mwaka 2022 hadi 2023. Wa pili ni kijana wa divisheni ya nne aliyeandika kwa mkono. Anasema tangu mwaka 2020 kila Jumamosi humsaidia mama yake kuuza dagaa katika mwalo wa Igombe, naye ndiye anayeandika mauzo kwenye daftari. Daftari hilo limewawezesha kujua wateja wanaodaiwa, na ametaja jirani wa kibanda anayeweza kuulizwa. Anaongeza kuwa aliwahi kufungua kabureta ya pikipiki ya mjomba wake. Mara ya kwanza aliirudisha vibaya ikavuja petroli, akaifungua tena, akakuta gasketi imekaa upande, na pikipiki ikawaka. Namba ya simu ya mjomba ipo.

Kijana huyo hupata 3 kwa kudumu. Kwa kuaminiwa hupata 2, kwa kuwa hakueleza iwapo fedha zenyewe hupita mikononi mwake. Kwa mikono hupata 3, ambayo ikizidishwa inakuwa 6. Jumla ni 11. Sentensi ya thamani kuliko zote hapo ni ile ya petroli iliyovuja. Mtu aliyetazama tu wengine wakifanya kazi husema "najua kabureta". Aliyeifanya mwenyewe hukumbuka ilipoharibika.

Binti hupata 2 kwa kudumu, kwa sababu ya klabu na miaka yake. Kwa kuaminiwa hupata 1, kwani uaminifu umetajwa tu, na kwa mikono 0. Jumla ni 3. Hapa ndipo wenye karakana wengi hukosea, kwa kudhani fomu imempima binti. Kilichopimwa ni karatasi, na mara nyingi karatasi hiyo imeandikwa na muuza steshenari. Ishara yake ni rahisi kuiona: wasifu watatu au wanne kati ya walioomba wana maneno yaleyale ya sifa, kwa mpangilio uleule. Isitoshe, wasichana wengi hawaandiki kazi za nyumbani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa nazo ni kazi.

Dawa yake ni simu ya dakika tano kwa kila mwombaji, bila kumbagua yeyote, yenye maswali yaleyale: Ni kitu gani umewahi kukitengeneza kwa mikono yako? Kilikushinda wapi? Nani aliona? Tuseme binti anajibu kuwa cherehani ya nyumbani ilipoacha kushona mwaka jana, aliifungua, akaondoa nyuzi zilizokwama, akaitia mafuta na kubadilisha mkanda. Hilo ni tendo lenye mahali na wakati, hivyo ni alama 2 zinazokuwa 4, na jumla yake hupanda hadi 7. Simu hiyohiyo inaweza pia kushusha alama, iwapo mjomba atasema kijana alikuwa anashika tochi tu.

Alama zitolewe na watu wawili, kila mmoja peke yake, huku jina, picha na jina la shule vikiwa vimefunikwa. Kila alama ipigiwe mstari chini ya sentensi iliyoizaa. Wakitofautiana kwa alama 2 au zaidi katika dalili moja, warudi kwenye sentensi hiyo. Asiyeweza kuionyesha hupunguza alama yake. Shida nazo zisipewe alama. Mtoto aliyevua usiku akiwa darasa la tano anastahili huruma, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Fomu haipaswi kuigeuza hali hiyo kuwa sifa.

Tofauti ya alama 1 au 2 kwenye jumla haina maana. Kwa nafasi moja waitwe watu watatu au wanne wa juu, na 7 ya binti inaweza kabisa kuwamo. Fundi mkuu huchomoa kwanza waya wa plagi ili injini isiwake, kisha kila mmoja hupewa dakika 30 kutoa pangaboi na kulirudisha. Kinachotazamwa ni kama anapanga nati na pini kwa mfuatano alivyozitoa, na kama anauliza kabla ya kulazimisha kitu kilichokwama. Baadaye huulizwa hesabu moja: injini inayotumia mchanganyiko wa 50 kwa 1 inahitaji oili kiasi gani kwa lita 20 za petroli? Jibu ni mililita 400.

Fomu zitunzwe. Baada ya miezi sita mwenye karakana azitoe, aziweke kando ya maendeleo ya wanagenzi aliowachukua, na aone ni dalili ipi kati ya tatu iliyomwambia ukweli. Iwapo kudumu kumesema zaidi ya mikono, basi mwaka unaofuata alama ya kudumu ndiyo izidishwe.