Mfuko wa Miguuni: Safari ya Basi na Watoto Wadogo

Wakati wa likizo tunapokea hospitalini watoto walioshuka kwenye basi wakiharisha, wamelegea na macho yamedidimia. Mara nyingi walikula chakula kilichochacha njiani, na dawa ya kuwasaidia ilifungiwa kwenye buti. Kwa hiyo twashauri mizigo igawanywe: begi kubwa liende kwenye buti, na mfuko mdogo ukae miguuni pa mama.

Tuchukue mfano wa mama anayetoka Songea kwenda Dar es Salaam na watoto wawili, mmoja wa miezi 8 na mwingine wa miaka 3. Wataondoka alfajiri na kufika usiku.

Wali na nyama vikifungwa vya moto hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na vijidudu huongezeka haraka katika hali hiyo. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili, hata kama hakijanuka. Kwa hiyo mama huyu abebe ndizi mbivu na machungwa yasiyomenywa, mkate mkavu, na maji ya kunywa ya kutosha. Karanga na pipi aziache, kwani basi likiruka tuta zaweza kumpalia mtoto. Yule wa miezi 8 anyonye kila anapotaka, na aongezewe ndizi iliyopondwa wakati huohuo wa kula.

Katika mfuko huo aweke pakiti mbili za chumvichumvi zilizoandikwa ORS, na chupa tupu ya lita moja. Mtoto akianza kuharisha, pakiti moja nzima ichanganywe na lita moja ya maji safi. Kila baada ya kuharisha, mdogo apewe robo hadi nusu ya kikombe kikubwa, na yule wa miaka 3 nusu hadi kikombe kizima, kidogo kidogo. Akitapika, asubiri dakika 10 kisha aendelee polepole zaidi. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Kadi za kliniki za watoto wote wawili, pamoja na kadi za bima kama zipo, zikae humohumo. Mganga asiyewajua ataona humo chanjo walizopata na jinsi uzito wao ulivyokuwa ukienda.

Njombe kuna baridi na Morogoro kuna joto, basi kila mtoto awe na sweta juu ya nguo nyepesi. Kanga mbili zitatosha kufunika na kulalia. Kwa matapishi, abebe kopo lenye mfuniko, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019.

Mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akiharisha damu au akilegea asiamke vizuri, msingoje kufika mwisho wa safari. Mwambieni kondakta, mshuke penye kituo cha afya kilicho karibu, na mfuko wa miguuni mshuke nao.