Chupa ya Mchele Mwekundu: Dawa Isiyo na Kipimo

Mkazi wa Paya anapokwenda Busia au Tororo kutafuta mahitaji ya nyumbani, si ajabu akarudi na chupa ya vidonge ambavyo muuzaji amemhakikishia kuwa "si dawa, ni chakula tu". Vidonge hivyo husifiwa kwa kusafisha damu na kuondoa kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu. Ndani ya chupa huwa mna unga wa kitunguu saumu, steroli za mimea, mafuta ya samaki, manjano au mdalasini, na pengine mchele mwekundu wa Kichina. Huo wa mwisho ndio unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi, maana una nguvu ya kweli, na hatari yake hutokana na nguvu hiyo hiyo.

Zamani maradhi haya hayakujulikana sana katika sehemu hizi. Mwaka 1959 madaktari Shaper na Jones wa Kampala walitangaza matokeo ya uchunguzi wao nchini Uganda: Waafrika walikuwa na kolesteroli ya chini na maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa haba mno kwao, ilhali Waasia wa nchi hiyo hiyo walikuwa nayo kwa wingi. Siku hizi ulaji umebadilika, vipimo vimeenea, na mtu akipewa karatasi yenye tarakimu kubwa hutafuta njia ya kuishusha. Muuzaji wa chupa humkuta hapo.

Mchele mwekundu hupatikana kwa kupika mchele wa kawaida, kuutia kuvu ya jamii maalumu, na kuuacha uchachuke mpaka ugeuke rangi. Wachina wameutumia tangu kale kutia rangi na ladha katika vyakula. Katika kuchachuka huko, kuvu hutoa kitu kiitwacho monakolini K. Mwaka 1979 mtaalamu wa Kijapani, Akira Endo, alieleza jinsi alivyokipata kitu hicho katika kuvu. Wakati huo huo watengenezaji wa dawa wa Marekani walikuwa wamekipata katika kuvu nyingine, wakakiita lovastatini, na mwaka 1987 kikaidhinishwa huko kuwa dawa ya kolesteroli. Vitu hivyo viwili ni kitu kimoja. Basi anayemeza mchele mwekundu wenye nguvu anameza dawa ya hospitali, isipokuwa haina jina la dawa wala kipimo chake.

Ukosefu huo wa kipimo si jambo dogo. Mwaka 2010 wachunguzi wa Marekani walipima aina 12 za vidonge vya mchele mwekundu, vyote vikiwa vimeandikwa miligramu 600 za mchele. Kidonge dhaifu kabisa kilikuwa na sehemu moja tu ya kumi ya miligramu ya monakolini K, na kikali kabisa kilikuwa na miligramu 10. Yaani kimoja kilikuwa na nguvu mara 100 ya kingine, na mnunuzi asingeweza kuvitofautisha kwa kusoma maandishi ya chupa. Aidha, aina 4 kati ya hizo 12 zilikutwa na sitrinini, sumu itokayo kwenye kuvu, ambayo hudhuru figo.

Chukua mfano wa askari polisi mstaafu ambaye kipimo chake cha kolesteroli mbaya, yaani LDL, kimefika 4.2. Amenunua vile vidonge vikali na humeza viwili kwa siku. Hizo ni miligramu 20 za lovastatini, kipimo kile kile ambacho daktari huanza nacho kwa wagonjwa wengi. Baada ya miezi miwili LDL imeshuka hadi karibu 3.0, naye anawasimulia wenzake habari njema. Hakudanganywa, imeshuka kweli.

Kisha anapata homa ya kifua na kuandikiwa erithromaisini. Daktari anamwuliza, "Afande, kuna dawa nyingine unayotumia?" Naye anajibu, "Hapana, Daktari, situmii dawa yoyote," kwa kuwa aliambiwa kwamba ile chupa ni chakula. Lakini erithromaisini huzuia ini kuivunja lovastatini, nayo hujilimbikiza katika damu. Siku chache baadaye mapaja na mabega yanamwuma kana kwamba amepiga kwata siku nzima, kuinuka kitini kunamshinda, na mkojo wake una rangi ya chai ya rangi. Hapo misuli inavunjika, na mabaki yake yanaziba figo. Mtu wa namna hiyo huacha vidonge papo hapo na kukimbizwa hospitali, akiwa na chupa yake mkononi. Macho yakiwa ya manjano, ini nalo limeguswa.

Hatari hiyo ni kubwa pia kwa wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri au atazanaviri, au dawa za fangasi kama itrakonazoli. Hao hawapaswi kuugusa mchele huo kabisa. Wala haumfai mama mjamzito au anayenyonyesha.

Hata kiwanda chenye sifa chaweza kukosea. Mnamo Machi 2024 kampuni ya Kobayashi ya Osaka, Japani, iliondoa sokoni vidonge vyake vya mchele mwekundu baada ya watumiaji kuugua figo. Mamia walilazwa hospitalini, na vifo vikaripotiwa. Wachunguzi walikuta sumu iitwayo asidi ya puberuli, iliyotokana na ukungu mwingine ulioingia kiwandani.

Vitu vilivyobaki havihitaji maneno mengi. Steroli za mimea hushindana na kolesteroli kuingia mwilini kupitia utumbo. Gramu 2 kwa siku, zikiliwa pamoja na chakula, zaweza kushusha LDL kwa takriban sehemu moja ya kumi, ingawa haijathibitishwa kwamba huzuia mshtuko wa moyo. Maharage, karanga na simsim zinazo steroli, lakini mlo wa kawaida hautoi hata gramu moja.

Kitunguu saumu kilijaribiwa katika Chuo Kikuu cha Stanford kwa watu 192 kwa muda wa miezi 6, kibichi na cha vidonge, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007: LDL haikubadilika. Kwenye mchuzi hakina neno. Vidonge vyake vikali ndivyo huongeza utokaji wa damu kwa anayetumia wafarini au anayengojea kupasuliwa.

Mwaka 2022 hospitali ya Cleveland, Marekani, ilitangaza jaribio la siku 28 kwa watu 190. Dawa ya rosuvastatini, miligramu 5 tu, ilishusha LDL kwa zaidi ya theluthi moja. Mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu saumu, manjano, steroli na mchele mwekundu havikuzidi kidonge kitupu kwa kiasi cha kutegemewa. Yafaa isemwe kwamba gharama zililipwa na mtengenezaji wa rosuvastatini. Hata hivyo matokeo ya kitunguu saumu yanalingana na yale ya Stanford.

Anayehitaji kweli kushusha kolesteroli hupewa statini ya kawaida kama atovastatini, ambayo miligramu zake zimeandikwa, na hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 12. Aliyekwisha kuanza chupa na aipeleke kwa daktari kabla ya kupokea dawa nyingine. Iliyomdhuru isitupwe: upande wa Uganda huripotiwa kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na upande wa Kenya kwa Bodi ya Dawa na Sumu, pamoja na jina la bidhaa, namba ya toleo lake na mahali iliponunuliwa.