Nani Aliyemleta Mteja Dukani?

Jumatatu usiku fundi wa nguo mjini Morogoro amejilaza, kidole kinapandisha picha za Instagram. Linapita tangazo la duka la vyerehani la Kariakoo. Analibofya, anatazama bei ya cherehani cha umeme, anaguna, kisha anarudi kwenye picha za harusi. Jumatano, kwenye kundi la WhatsApp la mafundi aliosoma nao, shoga yake anatuma picha ya gauni na ujumbe wa sauti: "Hili nimelishona kwa kile cherehani changu cha Kariakoo. Mwaka wa pili huu, hakijanisumbua hata siku moja." Ijumaa asubuhi fundi wetu anaandika jina la duka hilo kwenye Google, anabofya la kwanza linalojitokeza, ambalo ni tangazo la kulipia, anaagiza na kulipa kwa simu.

Fundi huyo na duka hilo ni wa mfano, lakini safari ya namna hiyo hutokea kila siku. Cherehani kilichouzwa ni kimoja, waliohusika ni watatu: tangazo, shoga na Google. Mwenye duka ana fedha ya matangazo ya mwezi ujao mkononi, naye anataka kujua aipeleke wapi. Atamshukuru nani?

Akifungua ripoti zake atakuta jibu limeshaandikwa, tena mara mbili. Kwa mpangilio wa kawaida, Meta, kampuni yenye Instagram, hujihesabia mauzo mteja akinunua ndani ya siku 7 tangu abofye tangazo, au ndani ya siku 1 tangu alione tu bila kulibofya. Fundi alibofya Jumatatu na kununua Ijumaa, kwa hiyo Instagram imeandika: mauzo 1. Google nayo, kwa mpangilio wake wa kawaida, huhesabu hadi siku 30 tangu mteja abofye tangazo lake. Fundi alibofya leo hii, kwa hiyo Google imeandika: mauzo 1. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amejibu swali aliloulizwa, yaani kama alikuwepo njiani kabla ya mteja kulipa. Na kweli wote wawili walikuwepo.

Ndiyo maana mwisho wa mwezi hesabu hukataa. Tuseme duka limeuza vyerehani 60. Instagram inadai 34, Google inadai 41. Jumla 75, na vyerehani 15 kati ya hivyo havijawahi kutoka stoo. Mwenye duka akiona hivyo ndipo anapoambiwa atumie kanuni moja ya kugawa sifa. Inayojulikana zaidi ni ya mbofyo wa mwisho: aliyebofywa mwishoni kabla ya malipo anachukua sifa yote. Wengine humpa wa kwanza, wengine hugawanya sawa kwa sawa. Google yenyewe mwaka 2023 iliziondoa kanuni kadhaa za aina hiyo kwenye chombo chake cha kupimia tovuti. Ikabakiza mbofyo wa mwisho, na hesabu ya kompyuta inayolinganisha njia za walionunua na za wasionunua.

Kanuni yoyote kati ya hizo itakupa jumla inayolingana na mauzo, na hapo ndipo watu wengi hutulia. Mimi naona hapo ndipo kosa linapoanza. Jumla kulingana hakuna maana kwamba mgawo ni wa haki. Njia iliyo karibu na kaunta ya malipo daima itaonekana hodari kuliko zote, kwa sababu tu wanaopita hapo wameshaamua. Ukimweka kijana mlangoni pa duka awape karatasi ya matangazo wote wanaoingia, kisha ukahesabu wanunuzi wangapi walikuwa na karatasi mkononi, utamwona kijana huyo ni mfanyabiashara wa ajabu.

Kutafuta jina la duka kwenye Google ni mlango wa aina hiyo. Fundi wa Morogoro hakuandika "cherehani kizuri". Aliandika jina lenyewe, na jina hilo alilipata kwa mtu mwingine.

Tuzitenge zile hesabu za Google tuone. Kati ya mauzo yake 41, tuseme 33 yalitoka kwa watu walioandika jina la duka, na 8 kwa walioandika maneno ya jumla kama "bei ya cherehani cha umeme". Matangazo ya jina yaligharimu shilingi 330,000, ya maneno ya jumla shilingi 490,000. Ukigawanya, mteja wa jina amegharimu shilingi 10,000, na mteja wa maneno ya jumla shilingi 61,250. Mtu yeyote mwenye akili timamu, akiwa na karatasi hiyo mbele yake, atahamishia fedha kwenye jina.

Swali linaloweza kumwokoa ni moja: tangazo lile lisingekuwepo, mteja huyu angenunua? Ripoti haiwezi kulijibu, kwa kuwa inahesabu yaliyotokea tu. Kulijibu kunahitaji kuzima tangazo na kutazama.

Kampuni ya eBay ilifanya hivyo mwaka 2012, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015 na wachumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis. Walianza kwa kuzima matangazo ya jina la eBay kwenye injini za utafutaji za Yahoo na Microsoft huku ya Google yakiendelea. Asilimia 99.5 ya mibofyo iliyopotea ilirudi yenyewe kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa, yaliyokaa chini kidogo ya pale palipokuwa na tangazo. Watu walikuwa wanakwenda eBay kwa vyovyote. Tangazo liliwatoza tu wenye duka nauli ya mgeni aliyeshafika. Baadaye wakazima hata matangazo ya maneno ya jumla katika baadhi ya maeneo ya Marekani, kwa muda wa siku 60. Wateja wa mara kwa mara hawakupungua. Walioguswa ni wageni na wanunuzi wa nadra, wale ambao hawakuwa na habari kamili kuhusu kilichopo.

Duka letu la Kariakoo linaweza kufanya jaribio la namna hiyo, ingawa lina mtego wake. Mauzo 60 kwa mwezi ni machache. Hata pasipobadilika kitu chochote, idadi kama hiyo hupanda na kushuka kwa 8 hivi kwa bahati tu. Makadirio ya haraka hupatikana kwa kutafuta kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Ukizima tangazo na mauzo yakawa 55, hujajifunza lolote. Kwa hiyo usitazame mauzo, tazama kitu kilicho kingi zaidi, yaani watu walioingia kwenye tovuti kwa kutafuta jina. Idadi ya wanaobofya tangazo iko kwenye ripoti ya matangazo, na ya wanaobofya matokeo ya kawaida huonekana bure kwenye Google Search Console.

Tuseme kwa wiki moja wanaotafuta jina ni 600: 400 wanabofya tangazo, 200 wanabofya matokeo ya kawaida. Duka linazima tangazo la jina kwa wiki mbili, likikwepa wiki za sikukuu ambazo mafundi hununua sana. Kila wiki matokeo ya kawaida yanapanda kutoka 200 hadi 580. Wale 400 wa tangazo, 380 wamerudi wenyewe, na waliopotea ni 20, asilimia 5. Sasa rudi kwenye yale mauzo 33. Asilimia 5 yake ni kama mauzo 2 hivi. Shilingi 330,000 zilikuwa zinaleta mauzo 2 ambayo yasingekuwepo, yaani takriban shilingi 165,000 kwa moja, wala si 10,000. Maneno ya jumla yaliyoonekana ghali kwa shilingi 61,250 huenda ndiyo yanayoleta wageni wa kweli, ingawa nayo yanahitaji jaribio lake kabla ya kuaminiwa.

Tahadhari moja ni lazima. Tafuta jina lako mwenyewe kwa simu ya mtu mwingine, tena ukiwa umezima tangazo. Ukiona mshindani amelipia jina lako na amekaa juu, wateja wako wengine watabofya kwake, na hiyo asilimia 5 inaweza kuwa 20. Hapo tangazo la jina linafanya kazi ya mlinzi, na linastahili kulipwa kwa kiwango hicho. eBay ni jina kubwa. Duka dogo lenye jina linalofanana na la jirani lina hofu halali zaidi.

Amebaki shoga, ambaye kwenye ripoti zote mbili hayupo kabisa. Ujumbe wa sauti haubofyeki. Hata angetuma kiungo cha tovuti, kiungo kinachofunguliwa kutoka WhatsApp mara nyingi hufika bila alama ya kilikotoka, na chombo cha kupimia humwandika mteja kwenye fungu la "Direct", kana kwamba aliikumbuka anwani kichwani. Na kuna upotoshaji mwingine ambao wachache huugundua. Mwenye duka makini huweka alama mwishoni mwa viungo vyake ili ajue vilikotoka, kama hivi:

```
https://www.example.com/umeme?utm_source=instagram
```

Shoga akikinakili kiungo hicho kutoka kwenye tangazo na kukituma kwenye kundi la mafundi, mkia wake unakwenda nacho. Mafundi watano wakikifungua, wote wataandikwa wametoka Instagram. Kazi ya mdomo wa mtu imepewa tangazo, na hakuna mahali kwenye ripoti panapoonyesha kwamba kosa limetokea. Dalili iliyopo ni hii: unazima kampeni, na bado siku kumi baadaye watu "wa Instagram" wanaingia kwa makundi, wanne au watano ndani ya saa moja, wote kwenye ukurasa uleule wa bidhaa moja.

Mtu wa namna ya yule shoga hupatikana kwa kuulizwa tu, na namna ya kuuliza ina uzito. "Umetupataje?" ikiambatana na orodha ya kuchagua huleta jibu la "Google" au "mtandaoni", kwa sababu ndiyo hatua mteja anayoikumbuka. Duka likimpigia fundi wa Morogoro kuthibitisha anwani ya kutuma mzigo, liulize hivi: "Dada, kabla hujatutafuta, jina letu ulilisikia kwa nani?" Jibu liandikwe kama alivyolitamka, kwenye daftari, karibu na namba ya oda. Wengine watasahau, wengine watataja tangazo, na hayo nayo yaandikwe. Atakayesema "kwa rafiki yangu, kwenye kundi letu la mafundi", aulizwe kama rafiki huyo ni mteja, na jina lake litafutwe kwenye oda za zamani. Likijitokeza kwa wanunuzi wanne ndani ya miezi miwili, duka lina jambo la kufanya na fedha iliyookolewa kwenye tangazo la jina. Wampigie dada huyo, wamuulize cherehani chake cha mwaka wa pili kinaendeleaje, wakifanyie sevisi bure.