Uchelewaji wa Nakala ya Kusomea na Rekodi Zinazopotea Kimyakimya katika Uchotaji wa Data wa Ratiba

Ikisiri

Taasisi nyingi huchota data za ripoti kutoka katika nakala ya kusomea badala ya hifadhidata kuu, ili maulizo mazito yasiwakwamishe watumiaji wanaoingiza taarifa. Nakala hiyo huweza kubaki nyuma ya hifadhidata kuu bila kutoa ishara yoyote kwa anayeisoma. Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo inavyotokea katika mfumo wa PostgreSQL, na yanaonyesha kwamba madhara makubwa hayatokani na uchelewaji wenyewe. Madhara hayo hutokana na desturi ya kuweka alama ya mwisho wa uchotaji kwa kufuata saa ya ukutani. Desturi hiyo hugeuza uchelewaji wa dakika chache kuwa pengo la kudumu katika takwimu. Njia ya kulitambua pengo hilo na ya kulizuia inapendekezwa.

1.0 Utangulizi

Mifumo ya taarifa za umma katika Afrika Mashariki hutegemea sana hifadhidata za aina moja. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaotumika Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, huhifadhi data zake katika PostgreSQL. Taarifa zikishaingizwa wilayani, mtafiti au mshauri wa sera kwa kawaida hazioni pale zilipoingizwa. Huziona katika jedwali la ripoti ambalo hujazwa na programu inayoendeshwa kwa ratiba, mara nyingi usiku. Programu hiyo ndiyo inayoitwa hapa uchotaji wa ratiba.

Uchotaji wa ratiba ukishindwa kwa kishindo, hitilafu huandikwa na mtu hupigiwa simu. Makala haya yanashughulikia hali tofauti: uchotaji unakamilika kwa wakati, hauandiki hitilafu yoyote, na bado unaacha nyuma rekodi ambazo hazitasomwa tena.

2.0 Jinsi nakala inavyobaki nyuma

Kila badiliko katika hifadhidata kuu ya PostgreSQL huandikwa kwanza katika kumbukumbu ya mabadiliko. Kumbukumbu hiyo hutumwa kwa mfululizo kwenye seva ya nakala, ambayo huipokea na kisha kuitekeleza, yaani kurudia kila badiliko kwa mpangilio uleule. Kwa mipangilio ya kawaida, hifadhidata kuu haisubiri nakala ikamilishe kazi hiyo. Humjibu mtumiaji kwamba taarifa yake imehifadhiwa hata kama nakala bado haijaiona. Mtandao na mashine zikiwa katika hali nzuri, tofauti hiyo ni sehemu ndogo ya sekunde.

Kuna mambo kadhaa yanayoweza kuikuza tofauti hiyo, kama vile mtandao hafifu au diski ya nakala yenye kasi ndogo. Lakini lipo moja ambalo hutokana na kazi ya ripoti yenyewe, nalo linastahili kuelezwa kwa kina.

Rekodi inapobadilishwa, PostgreSQL haifuti papo hapo toleo la zamani. Matoleo hayo huondolewa baadaye na kazi ya usafishaji iitwayo `VACUUM`. Ulizo refu linaloendelea kwenye nakala huweza bado kuhitaji toleo ambalo hifadhidata kuu imekwisha kulisafisha. Agizo la usafishaji linapoifikia nakala, mgongano hutokea: ama ulizo lisitishwe, ama utekelezaji wa mabadiliko usubiri. Muda wa kusubiri huwekwa na kigezo `max_standby_streaming_delay`, ambacho thamani yake ya awali ni sekunde 30. Muda huo ukiisha, ulizo husitishwa kwa ujumbe huu:

```
ERROR: canceling statement due to conflict with recovery
```

Msimamizi ambaye ripoti zake husitishwa kila mara kwa ujumbe huo huvutwa kukipandisha kigezo hadi saa moja au mbili. Ripoti huanza kukamilika na malalamiko huisha. Kinachosahaulika ni kwamba mabadiliko hutekelezwa kwa foleni moja. Ulizo moja likisubiriwa, hakuna jedwali lolote kwenye nakala linalopokea taarifa mpya, hata majedwali yasiyohusiana na ulizo hilo. Uamuzi uliokusudiwa kuilinda ripoti moja unaisimamisha nakala nzima.

3.0 Mfano: usiku mmoja wa mwisho wa mwezi

Ili kuyaona madhara, ichukuliwe hali ya kubuni yenye mazingira ya kawaida. Wilaya zinakamilisha taarifa za mwezi, na zile zenye mtandao hafifu wa mchana hutuma zao usiku. Kwenye nakala, kigezo kilichotajwa kimewekwa saa 2. Uchotaji wa ratiba huanza saa 8:00 usiku, na huchukua kila rekodi ambayo wakati wake wa kubadilishwa ni baada ya alama ya jana na si zaidi ya saa ya sasa. Ukimaliza, huiandika saa 8:00 kuwa alama mpya.

Saa 7:10 usiku ripoti nzito ya mwezi inaanza kwenye nakala. Saa 7:25 usafishaji kwenye hifadhidata kuu unaondoa matoleo ambayo ripoti hiyo bado inayahitaji, na utekelezaji wa mabadiliko kwenye nakala unasimama. Kati ya saa 7:25 na saa 8:00, wilaya zinatuma rekodi 1,240. Zote zinahifadhiwa salama katika hifadhidata kuu, na zote zinapokewa na seva ya nakala, lakini hazijatekelezwa. Kwa anayesoma nakala, bado hazipo.

Saa 8:00 uchotaji unaanza. Unasoma nakala iliyosimama saa 7:25, haukuti hata moja kati ya rekodi 1,240, na unakamilika bila hitilafu. Alama mpya inaandikwa: saa 8:00. Saa 8:20 ripoti ya mwezi inakwisha, foleni inafunguliwa, na baada ya dakika chache nakala inaifikia hifadhidata kuu. Rekodi 1,240 sasa zipo kwenye nakala, kila moja ikiwa na wakati wake halisi, kati ya saa 7:25 na saa 8:00.

Usiku unaofuata uchotaji unaanzia kwenye alama ya saa 8:00. Rekodi hizo ziko nyuma ya alama. Hazitasomwa usiku huo wala usiku mwingine wowote, isipokuwa mtu azibadilishe tena.

Hapo ndipo kiini cha tatizo kilipo. Uchelewaji wa nakala ulidumu chini ya saa moja na ukajitibu wenyewe. Uchotaji unaosoma jedwali zima kila usiku ungejitibu pia siku iliyofuata. Pengo limekuwa la kudumu kwa sababu alama ilichukuliwa kutoka kwenye saa, ilhali data zilizosomwa zilikuwa za wakati mwingine. Programu imeandika kwamba imesoma hadi saa 8:00, na kauli hiyo si ya kweli.

Kwa mshauri wa sera, jambo la kuzingatia zaidi ni zilikotoka rekodi zilizopotea. Katika mfano huu ni za wilaya zinazotuma usiku kwa sababu ya mtandao hafifu. Jedwali la ripoti litaonyesha kwamba wilaya hizo hazikuwasilisha, au kwamba huduma zao zimepungua, na hitimisho hilo litafanana kabisa na lile ambalo wengi wangelitarajia kuhusu wilaya za pembezoni. Takwimu potofu inayolingana na matarajio haichunguzwi.

4.0 Kwa nini vipimo vya kawaida havitoshi

Uchelewaji hupimwa kwa kuiuliza nakala swali kama hili:

```sql
SELECT pg_last_wal_receive_lsn(),
       pg_last_wal_replay_lsn(),
       now() - pg_last_xact_replay_timestamp();
```

Thamani mbili za kwanza huonyesha nakala imepokea mabadiliko hadi wapi na imeyatekeleza hadi wapi. Zikilingana, wengi huhitimisha kwamba hakuna uchelewaji. Lakini mtandao kati ya seva mbili ukikatika, nakala hutekeleza yote iliyopokea na thamani hizo hulingana, wakati hifadhidata kuu inaendelea kusonga mbele. Thamani ya tatu ina udhaifu wa upande mwingine: hupima muda uliopita tangu muamala wa mwisho uliotekelezwa, hivyo hukua hata pale ambapo hakuna aliyeandika chochote katika hifadhidata kuu.

Aidha, vipimo hivyo husema kuhusu dakika ile vilipochukuliwa tu. Katika mfano uliotolewa, msimamizi anayekagua saa 2:00 asubuhi atakuta nakala ikiwa sawa kabisa. Ushahidi unaobaki umo katika data zenyewe. Rekodi zikihesabiwa kwa vipindi vya dakika tano, upande mmoja katika hifadhidata kuu na upande mwingine katika jedwali la ripoti, pengo huonekana likiwa na kingo zilizonyooka: hesabu zinalingana hadi saa 7:25, zinakuwa sufuri katika ripoti hadi saa 8:00, kisha zinalingana tena. Wilaya ambayo kweli haikuwasilisha haiachi alama ya namna hiyo.

5.0 Kuifanya alama iseme kweli

Suluhisho la msingi ni kuichukua alama kutoka ndani ya data zilizosomwa. Jedwali dogo lenye rekodi moja, ambalo hapa linaitwa `mapigo`, huandikwa wakati wa sasa katika hifadhidata kuu kila baada ya sekunde 10. Kwa kuwa nakala hutekeleza mabadiliko kwa mpangilio, kuliona pigo la wakati fulani ni uthibitisho kwamba kila muamala uliokamilika kabla ya pigo hilo umekwisha kufika. Uchotaji husoma pigo na data kwa taswira moja isiyobadilika:

```sql
BEGIN ISOLATION LEVEL REPEATABLE READ READ ONLY;
SELECT wakati FROM mapigo \gset
SELECT * FROM taarifa
 WHERE ilibadilishwa > :'alama'::timestamptz
                       - interval '15 minutes'
   AND ilibadilishwa <= :'wakati'::timestamptz;
COMMIT;
```

Alama mpya huwa ni thamani ya `wakati`. Katika mfano wa awali, uchotaji wa saa 8:00 ungekuta pigo la takribani saa 7:25, ungeishia hapo, na rekodi 1,240 zingesomwa usiku uliofuata. Pigo likiwa limezeeka kupita kiasi kilichokubaliwa, kwa mfano dakika 5, programu inapaswa kusubiri au kushindwa waziwazi.

Dakika 15 za kurudi nyuma zina sababu yake. Rekodi huweza kupewa wakati mwanzoni mwa muamala, na muamala ukakamilika baada ya pigo. Rekodi hiyo itajitokeza ikiwa na wakati wa nyuma ya alama. Muda wa kurudi nyuma unapaswa kuuzidi muamala mrefu kuliko yote, na jedwali la ripoti lipokee rekodi kwa ufunguo wake ili inayosomwa mara mbili isihesabiwe mara mbili.

Njia hii ina mipaka. Haioni rekodi zilizofutwa, kwa kuwa rekodi isiyokuwapo haina wakati wa kubadilishwa. Pia haizuii ripoti nzito kuisimamisha nakala. Kigezo `hot_standby_feedback` hupunguza migongano ya usafishaji, lakini kwa gharama ya hifadhidata kuu kulimbikiza matoleo ya zamani. Palipo na uwezo, ripoti nzito zipewe nakala yake.

6.0 Hitimisho

Uchelewaji wa nakala ni hali ya kawaida ya mfumo, na haiwezekani kuuondoa kabisa bila kuilazimisha hifadhidata kuu isubiri. Kinachoweza kuondolewa ni kauli isiyo ya kweli kwamba data zimesomwa hadi saa fulani. Mtafiti anayepokea jedwali la ripoti ana haki ya kukuta juu yake wakati wa pigo lililosomwa, mbali na saa ripoti ilipochapishwa. Wakati huo usipokuwapo, aulize umechukuliwa wapi kabla ya kuandika kwamba wilaya fulani haikuwasilisha.