Matege ya Watoto, Dawa Yake na Kipimo Chake

Matege ni ugonjwa wa mifupa laini. Mfupa wa mtoto hukua kwa ncha zake, na ncha hizo hazina budi kutiwa kalisiamu, yaani aina ya chokaa iliyomo katika chakula, zipate kuwa ngumu. Ikikosekana, mfupa hubaki laini, na mtoto asimamapo uzito wake huupinda. Vifundo vya mikono huvimba, mbavu huota vinundu mfano wa shanga, na mtoto huchelewa kutembea. Lakini yafaa ijulikane kwamba miguu ya mtoto mchanga hupinda kidogo kwa asili yake, kisha hunyoka yenyewe. Ikiwa ametimiza miaka 2 na miguu yazidi kupinda, au vifundo vimevimba, hapo apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Watu wengi wamesikia kwamba matege huletwa na ukosefu wa jua. Neno hili lina kweli yake, maana ngozi ipigwapo na jua hufanyiza vitamini D, nayo ndiyo iwezeshayo matumbo kuichukua kalisiamu ya chakula. Mtoto afichwaye ndani siku zote aweza kuikosa. Lakini je, mbona watoto wachezao juani kutwa nao hupatwa?

Jawabu lilipatikana Jos, katika nchi ya Naijeria. Huko watoto wenye matege walikuwa wakila nafaka kwa wingi na maziwa kwa nadra, hata kalisiamu waliyoipata kwa siku ilikuwa kadiri ya miligramu 200 tu. Waganga waliwagawa watoto 123 mafungu matatu: fungu moja walipewa kalisiamu, la pili sindano za vitamini D, la tatu vyote viwili. Habari zake zilichapwa mwaka 1999. Baada ya majuma 24, damu na picha za mifupa zilionyesha kwamba waliofikia kiasi cha kupona kilichowekwa walikuwa 61 katika kila 100 waliopewa kalisiamu, na 58 katika waliopewa vyote viwili. Bali waliopewa vitamini D peke yake walikuwa 19 tu. Vitamini D ni kama fundi: asipoletewa mawe na chokaa, nyumba haisimami. Tena kumpa mtoto vitamini D nyingi pasipo kalisiamu kwaweza kuleta hatari, kwa kuwa mifupa ianzapo kupona huivuta kalisiamu iliyomo katika damu, na ikipungua mno mtoto hushikwa na kifafa.

Kwa sababu hii waganga huviagiza vyote viwili pamoja. Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 3. Kwa kawaida huagiziwa vitamini D yuniti 3,000 hadi 6,000 kila siku kwa muda usiopungua siku 90, na kalisiamu miligramu 500 kila siku, katika chakula au dawa. Hapo ndipo makosa huingia. Kidonge cha kalisiamu kaboneti chenye uzito wa miligramu 1,250 kina kalisiamu yenyewe miligramu 500 tu. Asomaye uzito wa kidonge peke yake atakosea. Nayo matone ya vitamini D si ya nguvu moja. Chupa moja huwa na yuniti 400 katika mililita nzima, na nyingine yuniti 400 katika tone moja. Mama aliyezoea kutoa mililita moja ya chupa ile ya kwanza, akitoa mililita moja ya hii ya pili, humpa mtoto yuniti zaidi ya 10,000 kwa mara moja.

Vitamini D ikizidi haitoki upesi, bali hukaa katika mafuta ya mwili kwa majuma mengi. Kalisiamu hujaa katika damu. Mtoto hukataa chakula, hutapika, huona kiu sana, hukojoa mara kwa mara, hufunga choo, na mafigo yaweza kuharibika. Dalili hizi zikionekana, dawa isimamishwe, mtoto apelekwe hospitali siku ile ile pamoja na chupa yake.

Hata dalili zisipoonekana, arudishwe kwa mganga kwa siku aliyoagizwa. Baada ya miezi 3 hivi mganga hupima damu na kupiga picha ya kifundo na ya goti, aone kama ncha za mifupa zaanza kujaa. Zisipojaa ingawa dawa imetumiwa sawasawa, basi huenda ugonjwa ni mwingine: mafigo ni mabovu, au mwili hupoteza fosfeti kwa mkojo, jambo ambalo pengine mtoto huzaliwa nalo. Watoto hao huhitaji dawa nyingine, na kuwaongezea vitamini D hii ya kawaida hakuwaponyi, huwadhuru.

Mtoto apatapo nafuu, chakula chake kisirudi kuwa uji mtupu. Kikombe cha maziwa kina kalisiamu kadiri ya miligramu 240, na dagaa waliwao pamoja na mifupa yao wana kalisiamu nyingi. Miguu ya mtoto mdogo mara nyingi hunyoka polepole kwa miezi au miaka, wala isikazwe kwa vijiti wala kwa kamba.